Maziwa ya soya na ya oti kwenye kahawa: uzoefu wangu, Malindi

Maziwa ya ng'ombe hunijaza gesi, ndiyo maana nikahamia pakiti za soya na oti zinazouzwa supamaketi hapa mjini. Ya soya ni matamu, ila yana tabia ya kukukatikia mbele ya wageni: vipande vyeupe vinaelea juu ya kikombe, chini kimebaki kimaji cha hudhurungi.

Kabla ya kurudi dukani kugombana, pasha maziwa kidogo peke yake kwenye sufuria. Yakitulia laini na hayanuki uchachu, ni mazima. Kilichoyakata ni kahawa. Kahawa ina asidi, na pH yake, kipimo ambacho kikishuka asidi huwa imezidi, huwa karibu na 5. Protini ya soya hushikana mabonge pH ikishuka kuelekea 4.5, na moto wa kahawa huharakisha mambo. Pakiti zilizoongezwa kalsiamu hukatika upesi zaidi, kwa sababu kalsiamu nayo huzikamatanisha protini.

Si kila kahawa lakini. Ile ya mikahawa ya watalii, ambayo buni zake hukaangwa kidogo tu na ina ukali kama wa ndimu, iliyakata maziwa yangu papo hapo. Kahawa ya dele, buni zilizokaangwa hadi zikawa nyeusi, ilipokea soya ile ile bila neno, maana kukaanga sana hupunguza asidi.

Ninavyofanya sasa: napasha soya mpaka ianze kutoa mvuke, bila kuchemka, naitia kikombeni kwanza. Kahawa naiacha ipoe dakika mbili tatu, kisha naimimina juu yake polepole huku nikikoroga. Kahawa ikiwa na asidi kali mno, soya hukatika hata hivyo. Hapo dawa ni pakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya kahawa. Tazama orodha ya viungo kama kuna E340, fosfeti ya potasiamu inayopunguza makali ya asidi.

Oti hainisumbui sana, kwa kuwa protini ya kushikana yenyewe ni haba. Pakiti yangu inaandika gramu 1 kwa mililita 100. Soya ina kama 3, maziwa ya ng'ombe 3.3 hivi. Yaani glasi ya mililita 250 ya ng'ombe inakupa gramu 8, ya soya inaikaribia, ya oti mbili u nusu. Tena protini ya oti ina upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho mwili haujitengenezei, ilhali ya soya imekamilika. Na wenye kisukari waangalie: oti huwa na utamu hata kama haikutiwa sukari, kwa sababu kiwandani wanga wake huvunjwavunjwa ukawa sukari.

Kwa kahawa ya jioni nachagua oti, inateleza vizuri. Kwa uji wa watoto nanunua soya, na oti siwapi kama mbadala wa maziwa ya ng'ombe.