Kukwepa A au kukwepa U?

Katika mchezo wa kuandika bila kutumia herufi moja uliyoichagua, ukikwepa U, sentensi zinatoka kirahisi: "Mama alipika wali na samaki, baba akala kimya." Unachopoteza ni "tu-" ya sisi, "-angu", "watu" na vitenzi vingi vya "ku-". Lakini "kwenda" na "kwisha" vimebaki, na badala ya "anataka kusoma" unasema "anataka asome". "Kuna" unaibadili kuwa "pana".

Kukwepa A ndiyo kazi yenyewe. "Na" haipo, "ya" na "wa" hazipo, na vitenzi vingi vinaishia kwa herufi hiyo hiyo. Nikiorodhesha vilivyobaki, napata rudi, jibu, ishi, keti, fikiri, subiri (safiri na samehe zinaponyoka, A imejificha katikati). Vitenzi vingine huokolewa kwa mwisho wa E: tule, nipe, nisome, au kwa kukanusha: sisomi, husomi. "Wangu" na "wake" hakuna, ila "wetu" ipo. Kwa yeye, "a-" imekufa, hivyo natumia "hu-": "Mtoto wetu hurudi jioni." Au: "Mzee, keti kwenye kiti chetu, tule ndizi."

Anayeanza achague U. Mimi napenda A, kwa sababu inanilazimisha kupindua sentensi nzima.