Kozi ya Kijerumani ya jioni: nyota tatu, na zote ni za mwalimu

Nimemaliza wiki 12 za kozi ya Kijerumani ya wanaoanza: video unazotazama mwenyewe, pamoja na darasa mara mbili kwa wiki. Nitazungumzia somo moja tu, mahali pa kitenzi, maana ndilo lililonitoa jasho.

Video ilisema kitenzi huwa neno la pili. Nikaamini, nikaandika *Nächste fahre Woche ich nach Köln*, nikitaka kusema "Wiki ijayo nasafiri kwenda mji wa Köln". Kwa kuhesabu maneno nilikuwa sahihi kabisa, ila sentensi ilikuwa vurugu tupu. Darasani mwalimu aliiandika upya kwenye karatasi, akaikata kwa mkasi: *Nächste Woche* / *fahre* / *ich* / *nach Köln*. Kumbe kinachohesabiwa ni kipande, si neno. "Wiki ijayo" ni kipande kimoja. Hata ukianza na *Am Montag um acht Uhr*, "Jumatatu saa mbili", bado ni kimoja, na *fahre* inafuata papo hapo. Kisha akapanga *Ich fahre nächste Woche nach Köln*. Karatasi ya *fahre* hakuigusa. Zilihama zile nyingine.

Kosa letu sugu darasa zima lilikuwa *Gestern ich habe einen Brief geschrieben*, kwa maana ya "Jana niliandika barua". Nadhani chanzo ni Kiswahili chenyewe. Sisi "nimeandika" ni neno moja, nafsi iko tumboni mwa kitenzi, kwa hiyo *ich habe* tunaibeba kama kifurushi kilichofungwa. Tukitanguliza "jana", kifurushi kinasukumwa mbele kizimakizima. Kijerumani kinataka ukifungue: *Gestern habe ich einen Brief geschrieben*. Anayekaa wa pili ni *habe*, kinachobadilika kufuata nafsi. *Geschrieben* inasubiri mwishoni. Na usiweke mkato baada ya *gestern*.

Kwenye mahali nilipumua kidogo. Si tunasema "Nyumbani wamefika wageni"? Mahali, kitenzi, halafu ndio waliofika. *Auf dem Tisch liegt ein Buch* inakwenda vivyo hivyo: mezani, kimelala, kitabu.

Lawama yangu kubwa ni *und*, yaani "na", pamoja na *aber*, yaani "lakini". Mazoezi ya kwenye simu yalinikatalia *Und fahre ich morgen nach Köln* wiki nzima bila maelezo, na video yake ikaja wiki ya 9. Viunganishi hivyo havihesabiwi kabisa. Hesabu inaanza baada yake: *Und morgen fahre ich nach Köln*, "Na kesho nasafiri kwenda Köln". Dakika mbili tu za maelezo zingetosha, tena mapema.

Siku hizi kabla ya kukabidhi zoezi napigia mstari kitenzi, naruka *und* au *aber* kama ipo, kisha nahesabu vipande vilivyo kushoto kwake. Vikiwa viwili, nafuta. Wiki iliyopita nilifuta mara moja tu, tena ilikuwa *Heute ich*, "leo mimi".