Rimu za bidiloki kwenye mchanga wa Wahiba: uzoefu wangu

Rimu hizi za bidiloki, zenye pete ya kubana tairi, nilizifunga kwa ajili ya jangwa la Wahiba hapa Oman, ambako mchanga wa vilima ni laini kiasi kwamba tairi lenye upepo wa barabarani huchimba shimo badala ya kusonga mbele. Upepo ukipunguzwa, tairi hutandazika, na uzito wa gari husambaa. Mahali pengi psi 15 hunitosha, lakini kwenye mchanga laini zaidi hushuka hadi psi 8, na hapo ndipo rimu ya kawaida huanza kushindwa.

Kwenye rimu ya kawaida, mdomo wa tairi, yaani ule ukingo mgumu wenye waya za chuma ndani yake, hushikiliwa hasa na msukumo wa upepo. Gari linapokata kona ubavuni mwa kilima, mchanga hulizuia tairi huku uzito wa gari ukiisukuma rimu upande. Mdomo huteleza na kuingia kwenye bonde la katikati ya rimu, na upepo wote hutoka kwa mara moja. Kwenye bidiloki, mdomo wa nje hubanwa kati ya rimu na pete iliyokazwa kwa bolti kuzunguka duara zima, kwa hiyo hauna pa kutelezea. Nimepita miteremko ya namna hiyo kwa psi 8 na tairi halikuchomoka. Hata hivyo, rimu zangu, kama zilivyo nyingi sokoni, hubana mdomo wa nje tu. Ule wa ndani bado unategemea upepo, na ndiyo maana sishuki zaidi ya hapo.

Kazi kubwa ya kuzifunga na kuzitunza rimu hizi ni bolti. Hukazwa kwa kuvuka upande hadi upande, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo na kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, kisha hukaguliwa tena baada ya mwendo mfupi, kwa kuwa mpira hukaa na bolti hulegea. Nafasi kati ya pete na rimu ikiwa pana upande mmoja, au maji ya sabuni yakitoa mapovu, pete haijabana sawasawa.

Kuhusu lami, nasema bila kusita kwamba sizipendekezi kwa gari la kila siku. Zangu zimeandikwa na mtengenezaji kuwa ni za nje ya barabara pekee. Ni nzito, kuzisawazisha ni vigumu, na bolti zake zinahitaji ukaguzi ambao dereva wa mjini hataufanya. Isitoshe, pete haiondoi hatari ya upepo mdogo: kwa mwendo wa kasi ubavu wa tairi hujikunja mfululizo, hupata joto na huweza kupasuka, hata kama mdomo umebanwa imara. Kwa hiyo kompresa ni lazima, na tairi hujazwa pale mchanga unapoishia, kabla ya kugusa lami. Asiyeshuka chini ya psi 15 hazihitaji kabisa.