Meza ya mninga iliyokuwa ikichezacheza: miezi mitatu baadaye

Meza hii ya mraba, sentimita 90 kila upande, niliinunua kwa fundi wa Keko. Karakanani kwake meza ilitulia kimya. Nyumbani, kwenye sakafu yangu ya sementi, ikawa inachezacheza hadi chai inamwagika. Nikampigia fundi. "Ilete nikupunguzie miguu, dada." Nashukuru nilikuwa mvivu wa kuita kirikuu.

Kwanza nilikunja boksi la biskuti nikaliweka chini ya mguu. Siku ya pili nikapiga deki, boksi likalowa, likasinyaa, mchezo ukaanza upya.

Ndipo nikaamua kumjua mkosaji ni nani. Niliitikisa meza kwa kushika kingo za juu. Maungio hayakulegea, kwa hiyo tatizo lilikuwa chini. Nikachora chaki sakafuni kuzunguka kila mguu, na mguu wa upande wa dirisha nikaubandika utepe. Huo ndio ulioelea, pamoja na wa pembe inayoukabili: ukikandamiza mmoja, mwenzake ananyanyuka. Nikakandamiza ule wa mbali, nikapenyeza kadi za benki zilizoisha muda chini ya wa dirishani hadi meza ikatulia. Kadi tano.

Kisha nikaizungusha robo mzunguko, miguu ikakaa kwenye alama zilezile za chaki. Isiwe nusu mzunguko, maana miguu ya pembe zinazokabiliana itabadilishana nafasi tu na hutajua chochote. Kama kosa lingekuwa la miguu peke yake, pengo lingehama pamoja na mguu wenye utepe. Halikuhama. Lilibaki dirishani, ila sasa zilitosha kadi tatu.

Mwanzoni sikuelewa kwa nini zimepungua. Kumbe makosa yalikuwa mawili: mara ya kwanza yalijumlishwa, mara ya pili yakapunguzana. Sakafu kadi nne, miguu kadi moja. Nne na moja ni tano. Nne toa moja ni tatu. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo sakafu ilikuwa na kasoro ya milimita tatu hivi, na fundi wangu hata milimita moja haikufika. Angekata miguu kufuata sakafu yangu, meza ingeyumba kila nyumba nitakayohamia.

Kosa la mguu nililitibu kwenye mguu: kipande chembamba cha mbao, nikakigundisha chini ya ule wenye utepe na kukipiga msasa. La sakafu nikaliachia sakafu: kabari ya mbao ngumu, nikaisukuma taratibu hadi meza ikatulia, nikaweka alama ya penseli, nikakata iliyozidi. Hii sikuitia gundi, kwa sababu meza ikihama, kabari inabaki.

Miezi mitatu sasa haijatikisika. Naipa nyota nne. Moja nimeinyima kwa vanishi iliyochubuka ukingoni.