Lugha mbili ndani ya ujumbe mmoja, au kila lugha na ujumbe wake?

Tuchukue duka la miwani linalotuma ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba alama 160, nafasi zikiwemo. Ukiweka lugha mbili humo, kila moja hupata kama 80, na kinachokatwa kwanza ni salamu. Kijana hatajali sana, ila mzee huona ameamrishwa: "Njoo upime macho." Faida ya ujumbe huo wa pamoja ni kwamba wote wanasoma ofa ileile.

Jumbe mbili humpa mzee "Shikamoo. Tunakukaribisha upimwe macho", na ule wa kijana ukaanza na bei na saa. Mimi napendelea njia hii, mradi kila ujumbe uandikwe upya badala ya kutafsiriwa. Hatari yake ni kubwa: mama na binti wakilinganisha simu, mmoja akaona punguzo ambalo mwenzake hana, imani imekwisha. Kwa hiyo bei, tarehe na masharti viandikwe kwanza, visibadilike. Lugha ndiyo ibadilike. Wateja wa lugha moja wakipiga simu kuuliza jambo lilelile, ujumbe wao una pengo.

Kama hujui mteja anapendelea lugha gani, tumia ujumbe wa pamoja, kisha umuulize dukani.