Bima ya moto peke yake, au na nyongeza ya ghasia?

Tuchukue duka la nguo katikati ya Nairobi, mali ya shilingi milioni 3. Maandamano ya Juni 2024 yamefika mtaani, shata imevunjwa, nusu ya mali imechomwa na nyingine imebebwa.

Mwenye bima ya kawaida ya moto anaona mali imeungua, basi anadai. Hapo mara nyingi anakataliwa, kwa sababu mkataba hautazami moto tu, unatazama nani aliuwasha. Moto wa hitilafu ya umeme unalipwa. Uliowashwa na waandamanaji kwa kawaida umetengwa.

Aliyelipia nyongeza ya ghasia, migomo na uharibifu wa makusudi analipwa shata na nguo zilizoungua, baada ya kukatwa sehemu anayobeba mwenyewe. Zilizoporwa ni suala jingine: hakikisha uporaji wakati wa ghasia umeandikwa waziwazi. Na ghasia zikigeuka uasi wa kuipindua serikali, nyongeza hii huishia hapo. Inahitajika bima ya machafuko ya kisiasa.

Kwa nini isiwemo tangu mwanzo? Moto wa kawaida huchoma duka moja. Ghasia huchoma mtaa mzima kwa siku moja, na madai yote huiangukia kampuni ya bima kwa pamoja. Kampuni kubwa zinazoikinga kampuni hiyo nazo huweka mipaka, kwa hiyo nyongeza ya ghasia huuzwa kando, kwa bei ya mahali ulipo.

Kwa duka la barabarani mjini, ningeinunua, tena kabla maandamano hayajatangazwa.