Kusoma daftari la mishahara kwa picha kwenye Excel: uzoefu wangu wa NSSF na PAYE

Natumia `Data > From Picture` ya Excel kuandaa makato ya kiwanda cha mbao hapa Mafinga, ambapo daftari la mishahara huja limechapwa kwenye karatasi. Kwa usomaji naipa alama nzuri. Kwa jumla peke yake siiamini, na sababu ni hizi.

Karatasi ilale bapa, bila kivuli cha simu. Jedwali likiwa pana, piga nusu mbili, na kila nusu iwe na safu ya majina. Jina refu lililoshuka mstari wa pili mara nyingi huzaa mstari wa ziada usio na tarakimu, kwa hiyo hesabu majina kwanza.

Kinachotia hasara ni `80,000/=`. Alama ile ya shilingi huifanya seli kuwa maandishi, na `SUM` huiruka kimya kimya. Linganisha `COUNT` na `COUNTA` za safu hiyo. Zikitofautiana, futa alama hizo kwa `Ctrl+H`. Nukta nayo ni hatari: `800.000` inaweza kugeuka 800.

Kisha kila mstari ujihakiki wenyewe. Mshahara ghafi ukiwa C na NSSF ya mfanyakazi D, `=C2*10%-D2` itoe sifuri. Kwa PAYE ya Tanzania Bara:

```
=MAX(0,(C2-D2-270000)*8%,
20000+(C2-D2-520000)*20%,
68000+(C2-D2-760000)*25%,
128000+(C2-D2-1000000)*30%)
```

Mwenye ghafi ya 800,000 anakatwa NSSF 80,000. Kinachotozwa kodi ni 720,000, hivyo PAYE ni 20,000 na asilimia 20 ya 200,000, yaani 60,000. Sasa 8 iliyofifia ikisomwa 3, ghafi inakuwa 300,000 huku NSSF ikibaki 80,000. Hakiki ya mstari inatoa -50,000, na jumla ya ghafi inapungua 500,000 kulinganisha na iliyochapwa chini ya daftari. Ile mbinu ya wahasibu ya kugawa tofauti kwa 9 haisaidii sana hapa, maana hiyo hunasa tarakimu zilizopishana mikononi mwa mchapaji. Picha haipishanishi, inabadilisha tarakimu moja kwa nyingine inayofanana nayo. Tafuta 8 na 3, 1 na 7, 5 na 6.

Jumla zikikubaliana, PAYE inakwenda TRA kama ilivyo, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. NSSF sivyo. Daftari letu linaonyesha asilimia 10 ya mfanyakazi tu, na mwajiri anaongeza 10 yake. Safu ikijumlisha 2,400,000, malipo ni 4,800,000. Excel haiwezi kukukumbusha hilo, kwa kuwa fungu la mwajiri halimo kwenye picha.